Barua mbili za mstaafu mmoja: ipi ipelekwe kiwandani Mufindi?

Fundi wa boila aliyestaafu anataka kurudi kazini. Kiwanda cha chai upande wa Mufindi kimetangaza nafasi ya mwendesha boila, na mvua za Desemba zimekaribia. Kwa miaka mingi nilikaa upande wa pili wa meza, nikipokea maombi ya kazi katika viwanda vya chai vya huku Nyanda za Juu Kusini, na barua za wastaafu zilikuja karibu zote kwa namna mbili. Nimeziandika hapa kana kwamba zimetoka kwa mtu mmoja, mwenye cheti kimoja na afya ileile, ili tofauti ibaki kwenye uandishi tu. Mtu huyo na takwimu zake ni wa mfano.

Kabla sijaanza, niiondoe njia ya tatu ambayo baadhi ya watu huijaribu: kuficha umri. Haifiki mbali. Namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa, na ofisi nyingi zitaiomba namba hiyo kabla ya kukuajiri. Hata kabla ya hapo, mwaka wa cheti chako cha kidato cha nne umeshasema yote. Anayesoma akigundua kwamba umekwepa kutaja jambo ambalo kila karatasi yako inalitaja, ataanza kutafuta kingine ulichokwepa. Kwa hiyo barua zote mbili hapa chini zinautaja umri. Zinatofautiana mahali zinapoutaja na kinachoufuata.

Barua ya kwanza

> YAH: MAOMBI YA KAZI YA MWENDESHA BOILA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mstaafu mwenye umri wa miaka 62, ninaomba kazi katika kiwanda chako. Nina uzoefu wa miaka 34 katika fani ya boila. Ingawa nimestaafu, bado nina nguvu na afya njema, na ninaweza kufanya kazi kama kijana. Ni mchapakazi, mwaminifu na ninajituma muda wote. Nina familia inayonitegemea na pensheni haikidhi mahitaji. Naomba ombi langu lifikiriwe kwa jicho la huruma.
>
> Ni mimi mtiifu wako.

Barua ya pili

> YAH: KAZI YA MWENDESHA BOILA, MSIMU WA DESEMBA HADI MEI
>
> Ndugu Meneja,
>
> Msimu wa mvua boila ya kiwanda cha chai hubeba mizigo miwili kwa pamoja: majani huingia mengi na yameloa, na kuni nazo huwa zimeloa. Presha ya mvuke ikishuka usiku, draya hupoa na chai hutoka haijakauka. Ninaomba kushika zamu hiyo ya usiku.
>
> Nimekuwa msimamizi wa zamu ya boila kwa misimu 14, katika kiwanda nilikostaafu mwaka 2023 kwa kufikisha miaka 60. Huko nilianzisha utaratibu wa kupanga kuni kwa mwezi zilipokatwa na kuchoma kwanza zilizokaa miezi 4 au zaidi. Msimu wa kabla ya utaratibu huo draya ilisimama kwa kukosa mvuke mara 19. Msimu uliofuata ilisimama mara 3. Mhandisi aliyekuwa mkuu wangu, ambaye namba yake iko hapa chini, amekubali kuulizwa.
>
> Tangu Juni mwaka jana ninaendesha boila ya tanuri la kukaushia mbao Mafinga, zamu ya saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Boila hiyo ina paneli ya kidijitali. Aliyenifundisha kuitumia ndiye msimamizi wangu hadi leo, naye nimemzidi umri kwa miaka 31.
>
> Kupakia kuni na kupanda bomba la moshi si kazi ninazoomba. Ninaomba kuendesha boila na kumfundisha msaidizi mmoja hadi aweze kushika zamu peke yake. Nipo tayari kupimwa afya, na fundi wenu anijaribu kwenye boila yenu kabla hamjaamua.
>
> Wako,

Meneja akishika barua ya mstaafu ana maswali matatu ambayo hatayatamka, kwa heshima tu. Huyu mzee ataweza usiku? Atakubali kuelekezwa na kijana? Mashine mpya ataziweza? Mengine yote, uaminifu, uchapakazi, nidhamu, anayachukulia kuwa yapo; kwa kweli mstaafu hufikiriwa kuwa nayo hata asipoyataja. Ndiyo maana sentensi ya "mchapakazi, mwaminifu na ninajituma" haiongezi chochote kwenye barua ya kwanza. Inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na yale matatu inayaacha wazi.

Tuanze na nguvu, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Barua ya kwanza inasema "ingawa nimestaafu, bado nina nguvu". Maneno "ingawa" na "bado" yanakubali hoja ya mpinzani kabla hajaitoa: kwamba ilitarajiwa nguvu ziwe zimekwisha. Halafu "kama kijana" inamalizia kazi. Meneja ana barua za vijana wenyewe mezani, arobaini kama si sitini. Akitaka nguvu za kijana atamchukua kijana. Barua ya pili haina neno "nguvu" hata moja, lakini ukiimaliza hujiulizi tena kama mwandishi anaweza kukesha. Mtu anayeendesha boila kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ameanza mwaka jana wala hakuishia mwaka 1998, amekwisha jibu. Tarehe ndiyo yenye uzito hapo. Kazi ya usiku uliyoifanya ukiwa na miaka 40 inathibitisha kwamba ulikuwa na miaka 40.

Nimeona wastaafu wakithibitisha nguvu kwa kutaja mashamba: eka tatu za viazi Njombe, miti ya parachichi Rungwe, ng'ombe wa maziwa. Ni kazi ngumu, hakuna anayebisha, ila shambani unachagua saa ya kuamka, na mvua ikinyesha unaingia ndani. Boila haikupi nafasi hiyo. Kama shamba ndilo pekee ulilonalo tangu ustaafu, litaje kwa nusu sentensi na uongeze kitu chenye saa za kazi ndani yake.

Afya inastahili maelezo yake, kwa kuwa barua ya kwanza inaitaja vibaya na ya pili inaitaja kwa maneno manne. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kupangiwa kazi na baadaye kwa vipindi, chini ya usimamizi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kipimo hicho ni cha kila mtu, wa miaka 22 na wa miaka 62. Ukiandika "nina afya njema" umetoa ushahidi ambao daktari ndiye mwenye haki ya kuutoa. Ukiandika "nipo tayari kupimwa" umeupeleka wasiwasi wa meneja mahali ambapo utajibiwa kwa karatasi yenye muhuri. Usitaje dawa unazotumia, usitaje kwamba presha yako imetulia. Hayo ni mazungumzo ya chumba cha daktari.

Sasa ujuzi. Barua ya kwanza ina miaka 34 na haina kazi hata moja ndani yake. Msomaji hajui ni boila ya kuni, ya makaa ya mawe au ya mafuta, ya hospitali au ya kiwanda, wala kama mwombaji alikuwa mwendeshaji au mpakia kuni. Barua ya pili inaanza na tatizo, na tatizo lenyewe ni la kiwanda kinachoajiri. Nalieleza kidogo ili ionekane kwa nini aya ile ya kwanza ina uzito kwa mtu wa chai.

Majani mabichi huingia kiwandani, hunyaushwa kwa upepo unaopashwa moto, hukatwa, huachwa yabadilike rangi kuwa ya shaba, kisha huingia draya. Moto wa kunyaushia na wa draya hutoka kwenye mvuke wa boila moja. Kuanzia Desemba mvua zinapokolea Mufindi, Lupembe na Rungwe, majani yanaongezeka na yanakuja yameloa, kwa hiyo kunyausha kunadai mvuke zaidi. Wakati huohuo kuni zilizorundikwa wazi zimenyeshewa. Mti wa mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto lazima uyageuze maji hayo kuwa mvuke unaopotelea bombani kabla haujaipashia boila chochote. Presha ikishuka, hewa ya draya inapoa, na chai ambayo ingetoka na unyevu wa asilimia 3 hivi inatoka na zaidi. Chai ya namna hiyo haikauki sawasawa, inapoteza ukali, na ikifungwa kwenye magunia inaharibika ghalani. Kuirudisha draya mara ya pili kunaikausha, ila ladha hairudi.

Mstaafu anayeandika "draya hupoa na chai hutoka haijakauka" amemwonyesha meneja kwamba anaiona boila kutoka upande wa chai. Kijana mwenye cheti kipya anaijua boila. Mstaafu huyu anajua boila ikizembea nani atapiga simu saa 9 usiku. Huo ndio umri ukifanya kazi yake katika barua bila kutajwa kama sifa. Na ona kwamba hakusema amegundua jambo la ajabu. Kupanga kuni kwa mwezi zilipokatwa ni jambo dogo, mtu yeyote angeweza kulifanya, na kwa sababu hiyo linaaminika. Laiti angeandika kwamba aliboresha ufanisi kwa asilimia themanini, ningeipeleka barua chini ya rundo.

Kuhusu zile mara 19 na mara 3: takwimu kama hizo ziandikwe tu kama kuna mtu wa kuzithibitisha. Usiambatishe kurasa za kitabu cha zamu cha mwajiri wa zamani. Kitabu kile ni mali ya kiwanda, na meneja mpya akiona umetoka nacho atajiuliza utatoka na nini kwake. Jina na namba ya mhandisi aliyekusimamia vinatosha, ila mpigie kwanza. Wadhamini wengi wa wastaafu wamehama, wamebadilisha laini au wao wenyewe wamestaafu, na simu isiyopokelewa inahesabiwa dhidi yako.

Hoja ya kijana na paneli barua ya pili inaimaliza kwa sentensi mbili. Barua ya kwanza haiigusi kabisa. Wastaafu wengine huigusa kwa ahadi, "nipo tayari kujifunza teknolojia mpya", na ahadi hiyo kila mtu anaitoa. Huyu anasema alifundishwa, na nani, na kwamba mwalimu wake bado ni msimamizi wake. Swali la heshima, ambalo ndilo zito zaidi katika viwanda vyetu kwa sababu kijana mwenyewe huona haya kumwelekeza mtu anayemwamkia "shikamoo", linajibiwa na uhusiano ambao tayari upo na unaendelea. Ningeongeza kitu kimoja tu katika usaili: useme unavyomwita. Mzee anayemwita msimamizi wake "kijana wangu" mbele ya meneja ameifuta aya nzima.

Paneli nayo ina mpaka wake. Inaonyesha presha na kiwango cha maji kwa namba nzuri, lakini kioo cha maji kilichopo kwenye boila yenyewe ndicho kinachosema ukweli kihisio kikiziba uchafu. Fundi atakayekujaribu karibu hakika atakuuliza: maji yamepotea kwenye kioo, moto unawaka, unafanya nini? Anayejibu haraka "nafungua pampu" ameshindwa, kwa sababu maji ya baridi yakikutana na chuma kilichopata moto kupita kiasi yanaweza kuilipua boila. Moto unazimwa kwanza, boila inaachwa ipoe, na hakuna anayeongeza maji hadi ikaguliwe. Mwombaji wa barua ya pili amelialika swali hili mwenyewe aliposema fundi wao amjaribu. Wa barua ya kwanza anaweza kulijua jibu vilevile, ila barua yake haimfikishi mbele ya fundi.

Namna ya kusema umestaafu nayo inabadilisha mengi. Hapa kwetu mtu anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, kwa lazima akifika 60, au kwa sababu ya ugonjwa. Barua ya kwanza inasema "mstaafu" na kumwacha msomaji achague mwenyewe, na msomaji mwenye wasiwasi atachagua ugonjwa. Barua ya pili inasema "mwaka 2023 kwa kufikisha miaka 60". Maneno machache, na milango miwili mibaya imefungwa: kwamba aliondolewa, na kwamba aliugua. Umri umetajwa humohumo kama tarehe ya tukio, ukapita.

Je, sheria itajwe? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na inataja umri waziwazi kati ya misingi iliyokatazwa, huku ikiruhusu tofauti zinazotokana na matakwa halisi ya kazi yenyewe. Ni vizuri kuijua. Kuiandika kwenye barua ya maombi ni kumwonyesha meneja jinsi ugomvi wenu utakavyokuwa kabla hamjasalimiana. Tangazo likisema waombaji wasizidi miaka 45, mimi ningeandika barua ya pili hiyohiyo, nikibadilisha ombi kuwa la kazi ya msimu na kufundisha msaidizi, na ningeipeleka kwa meneja wa kiwanda badala ya kuiacha kwenye dirisha la maombi ambako karani anachuja kwa tarehe za kuzaliwa.

Ombi lenyewe ndilo tofauti ninayoithamini zaidi, na watu huipita. Barua ya kwanza inaomba kazi, basi, na meneja anaona mtu ambaye baada ya miaka michache atatakiwa kupatiwa mrithi. Barua ya pili inaomba Desemba hadi Mei na inamleta mrithi yenyewe. Pia inasema kisichoombwa: kupakia kuni na kupanda bomba la moshi. Wengine wataona hilo ni kujidhoofisha. Kwa msomaji wa maombi ni kinyume. Mtu anayetaja kazi mbili asizozitaka anaaminiwa kwa zile anazozitaka, na afisa usalama anapumua. Sharti ni kwamba kisichoombwa kisiwe moyo wa kazi. Ukiomba uendeshaji wa boila usiku kisha useme usiku huwezi, hakuna barua itakayokuokoa.

Pensheni isiyotosha na jicho la huruma vitoke, hata kama ni kweli, na mara nyingi ni kweli. Huruma hutoa nauli ya kurudi nyumbani, zamu ya boila haitoi. Salamu ya "ni mimi mtiifu wako" haina ubaya mkubwa, ila pamoja na mengine yote inaivuta barua nyuma miaka thelathini, "wako" inatosha.

Barua ya kwanza hata hivyo ina mahali pake. Ukimwandikia mwajiri wako wa zamani, ambaye mhandisi wake anakujua kwa jina na alikuaga kwa hafla, barua fupi ya kusema upo na ungependa kurudi msimu huu inafanya kazi, na takwimu za kuni zitaonekana kama majigambo. Toa huruma na "kama kijana", itabaki fupi, na itapita. Vilevile ukiomba nafasi ya kufundisha ufundi chuoni, miaka 34 ni hoja yenyewe na inafaa kukaa juu. Kwa kiwanda kisichokujua, nenda na ya pili.

Anayebaki pagumu ni mstaafu ambaye tangu aondoke kazini hajagusa boila. Hana aya ya Mafinga, na asiitunge. Tanuri za mbao huku zinajuana, simu moja inatosha kumuumbua. Afadhali achelewe mwezi mmoja: aende kwenye tanuri la mbao au hospitali yenye boila ya kufulia, ajitolee zamu chache za usiku kwa posho akiwa chini ya mwendeshaji wao, kisha aandike kwamba Oktoba alikuwa hapo na nani alimwona. Zamu hizo zitamjulisha pia kama usiku wa baridi ya Mufindi bado anauweza, na akiona hauwezi, abadilishe ombi liwe la zamu ya mchana na mafunzo kabla barua haijatoka mkononi mwake.